S imejificha ndani ya logi: uiache hivohivo, uifungue kwa W, umpe Newton, au upige hatua kwa hatua?

Swali hili linarudi kila mara kwa watu wanaofanya hesabu za enzaimu. Umeandika spidi ya mmenyuko, ile ambayo ukiongeza sabstreti, yaani kile kitu enzaimu inachokibadilisha, inapanda alafu inafika mahali inagota, umetenganisha vigezo vizuri, umeintigreti pande zote mbili, na mwisho unabaki na mlinganyo ambao S, yaani sabstreti iliyobaki, iko sehemu mbili, moja ndani ya logi na moja nje, na aljebra ya kawaida haikusaidii tena kuitoa ikae peke yake. Wengine hapo wanadhani wamekosea hesabu. Hamna kosa, ndo ilivyo:

```
dS/dt = -Vmax*S/(Km + S)

(Km/S + 1) dS = -Vmax dt

Km*ln(S0/S) + (S0 - S) = Vmax*t
```

Mstari wa mwisho ndo tunaugombania. S0 ni sabstreti uliyoanza nayo, Vmax ni spidi ya juu kabisa enzaimu ikiwa imejaa kazi, na Km ni kiwango cha sabstreti ambapo spidi inakuwa nusu ya Vmax. Watu wana njia nne za kuendelea kutoka hapo na nitazilinganisha kwa mfano mmoja tu ili namba zizungumze zenyewe: S0 = 10 mM, Km = 2 mM, Vmax = 0.5 mM kwa dakika.

Kuiacha ilivyo

Kabla hujakimbilia kufungua chochote jiulize kwanza unatafuta nini. Mara nyingi sana swali la kweli ni "nisubiri muda gani mpaka asilimia 90 iishe", na kama ni hilo basi huna shida yoyote, maana t iko peke yake upande wa kulia, unagawanya kwa Vmax umemaliza. Asilimia 90 imeisha maana yake S imebaki 1 mM, kwa hiyo (9 + 2 × ln 10) / 0.5, yaani (9 + 4.605) / 0.5, inatoka dakika 27.2. Unataka asilimia 99? S = 0.1, dakika 38.2. Asilimia 99.9? Dakika 47.6. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Na kuna kitu kizuri kinaonekana hapa ambacho ukishafungua kwa njia zile nyingine kinapotea machoni. Hebu tenga vile vipande viwili vya muda. Kipande cha (S0 - S) / Vmax ni dakika 18, na huo ndo muda ungepata kama enzaimu ingekuwa imejaa kazi mwanzo mpaka mwisho, spidi haibadiliki. Kipande cha logi ni dakika 9.2, na huo ndo muda ungepata kama S ingekuwa ndogo sana kuliko Km muda wote, ule upungufu wa kawaida wa kushuka kwa uwiano uleule kila dakika. Muda wa kweli ni 18 + 9.2, unavijumlisha tu, basi. Siyo wastani wa hivyo viwili, siyo "chagua kilicho karibu zaidi". Kwa hiyo mtu anayesema "S0 ni mara tano ya Km, nachukulia spidi haibadiliki" anapata 18 wakati jibu ni 27, amekosa theluthi nzima ya muda, na hapo bado tuko kwenye asilimia 90, ukimpeleka 99.9 anasema dakika 20 wakati kweli ni 47.6. Mkia ndo unaokula muda, kila tisa unayoongeza pale mwisho wa asilimia inakugharimu karibu dakika 9.2 nyingine hata kama kiasi cha sabstreti kilichobaki ni kiduchu.

Hata kuchora grafu hakuhitaji kufungua. Badala ya kuchagua t na kutafuta S, chagua S nyingi kuanzia 10 kushuka mpaka 0.01, tafuta t ya kila moja, alafu wakati wa kuchora weka t chini na S pembeni. Grafu ni ileile, mtazamaji hajui ulianzia upande gani. Kitu cha kuangalia tu ni usigawe S kwa umbali sawa, sababu karibu na sifuri nukta zitakuwa zimeachana sana kwenye muda na mkia utaonekana umevunjikavunjika. Zigawe kwa uwiano, kila moja mara 0.9 ya iliyopita kwa mfano, inatoka laini.

Udhaifu wake uko wazi: ukiulizwa "dakika ya 20 kimebaki kiasi gani" inabidi ubahatishe. Hapo ndo njia nyingine zinaingia.

Kuifungua kwa W

Kuna fanksheni inaitwa W ya Lambert, kazi yake ni kujibu swali moja tu: namba gani ukiizidisha na e iliyopandishwa kwa namba hiyohiyo unapata x? Mlinganyo wetu ukiupanga upya unaangukia kwenye umbo hilohilo, na mwaka 1997 watafiti Schnell na Mendoza waliandika jibu wazi la S kwa kutumia W:

```
S = Km * W( (S0/Km) * exp((S0 - Vmax*t)/Km) )
```

Kwa dakika ya 20 mfano wetu unakuwa rahisi ajabu, maana Vmax × t ni 10, sawasawa na S0, kwa hiyo e inapandishwa kwa sifuri na kinachobaki ni 2 × W(5). W(5) ni 1.3267, S ni 2.653 mM. Mstari mmoja, hakuna kubahatisha, na unaweza kuiweka kwenye programu ya kulinganisha na data ikakimbia kwa maelfu ya nukta bila shida.

Lakini angalia lile `exp` pale ndani. Mwanzoni kabisa mwa mmenyuko, t ikiwa sifuri, unapandisha e kwa S0/Km. Kwetu ni 5, hamna neno. Sasa chukua enzaimu yenye Km ndogo, tuseme 0.01 mM, S0 ibaki 10. Unaiomba kompyuta e ya 1000, na namba za kawaida za kompyuta zinaishia e ya 709 hivi, inakurudishia `inf`. Kinachokera ni kwamba haivunjiki yote: kwa Vmax ileile ya 0.5, kama dakika 6 za mwanzo zote zinatoka `inf` alafu ghafla namba zinarudi kuwa nzuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu asipochungulia mwanzo wa safu yake anaona grafu imekatika kushoto anadhani ni shida ya kuchora.

Dawa ipo na sijui kwa nini haitajwi sana. Usipandishe e kabisa, chukua logi ya kile kilicho ndani ya W, uiite z. Ukiita w = S/Km, mlinganyo wetu ni w + ln w = z, na fanksheni inayojibu hilo moja kwa moja inaitwa omega ya Wright. Kwenye Python ipo tayari:

```python
import numpy as np
from scipy.special import wrightomega

def S(t, S0, Km, Vmax):
    z = np.log(S0/Km) + (S0 - Vmax*t)/Km
    return Km * wrightomega(z)

print(S(20.0, 10.0, 2.0, 0.5))   # 2.6534...
```

Ni W ileile kwa umbo lingine, sema z ya 1000 haiisumbui. Faida nyingine ndogo, `lambertw` inakurudishia namba changamano hata kama jibu ni la kawaida, inabidi ukumbuke kuweka `.real`, wakati `wrightomega` ukiipa namba halisi inakupa namba halisi. Kama unatumia Python na enzaimu yako inafuata mlinganyo ule wa juu bila nyongeza, mi sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Kumpa Newton

Je kama huna hiyo fanksheni, uko kwenye jedwali la hesabu au kifaa kidogo? Newton, yaani ile njia ya kuanza na jibu la kubahatisha alafu kulisogeza kwa kufuata tanjenti, anafanya kazi vizuri lakini anategemea unamuanzisha vipi, na hapa ndo watu wengi wanaungua. Namna ya kawaida ni kuita f(S) = S + Km × ln S kutoa kile kinachojulikana, alafu unaanza na S = S0 kwa sababu ndo namba uliyonayo mkononi. Jaribu kwenye mfano wetu kwa dakika ya 38.2, ambapo tunajua jibu ni 0.1. Ukiwa S = 10, f ni 19.1 na mteremko wake ni 1 + 2/10, yaani 1.2. Hatua ni 19.1 / 1.2, karibu 15.9. Kumi kutoa 15.9 ni hasi 5.9. Hatua inayofuata unaomba logi ya namba hasi, umeshakufa, `NaN` mpaka mwisho.

Sababu yake ni umbo la f lenyewe. Kulia imelala karibu kama mstari, kushoto inaporomoka ghafla kwenda chini karibu na sifuri, kwa hiyo ukisimama kulia tanjenti inakurusha kupita jibu, na kama jibu liko karibu na sifuri inakurusha mpaka ng'ambo. Ukianzia kushoto ya jibu, kinyume chake, unapanda taratibu na hulipiti kamwe. Sasa tatizo ni kwamba kushoto ya jibu ni wapi na jibu hulijui?

Njia ninayoipenda ni kubadilisha unachokitafuta. Acha kutafuta S, tafuta u = ln S:

```
g(u)  = exp(u) + Km*u - (S0 + Km*ln(S0) - Vmax*t)
g'(u) = exp(u) + Km
```

S sasa ni exp(u), haiwezi kuwa hasi hata ukitaka, na umbo limegeuka: kuanzia S0 unashuka tu kuelekea jibu bila kulipita. Dakika ileile ya 38.2, kuanzia 10, hatua zinatoka 2.03, 0.283, 0.105, alafu 0.1000. Hatua nne tu, na hakuna haja ya kuweka masharti ya "kama ikiwa hasi fanya hivi". Kwenye jedwali la hesabu unaweka safu nane za hatua pembeni ukazisahau.

Kupiga hatua kwa hatua

Hii ndo wengi wanaanza nayo kwa sababu haihitaji kuintigreti kitu, unachukua spidi ya sasa, unazidisha na muda mdogo, unatoa kwenye S, unarudia. Kwa mlinganyo huu mtupu ni njia mbovu kuliko zote nne na sitazunguka. Chukua hatua ya dakika 5 kwenye mfano wetu, Euler wa kawaida: dakika ya 20 anakupa 2.38 wakati kweli ni 2.65, amekosa asilimia 10. Hilo unaweza kuvumilia. Dakika ya 30 anakupa 0.176, na dakika ya 35 anakupa hasi 0.026. Sabstreti hasi! Kweli yake hapo ni 0.212.

Kujua mapema kama itakutokea ni rahisi. Angalia Km/Vmax, kwetu ni dakika 4. Hatua ya Euler ikizidi hiyo, S lazima itavuka sifuri mkiani, haijalishi mwanzo ulionekana mzuri namna gani. Wengi wanapima hatua yao kwa kuangalia mwanzo, ambapo S inashuka karibu kwa mstari, wanaona iko sawa, wakati hatari iko mwisho. Na wengine wanaficha kwa kuandika "ikiwa hasi weka sifuri", hapo umefuta dalili, ugonjwa umebaki. Ukitumia Runge-Kutta ya daraja la nne au solva inayojirekebisha hatua yenyewe utapata namba nzuri, ila bado unalipia kazi kubwa kwa kitu ambacho omega inakijibu kwa mstari mmoja.

Hatua kwa hatua inashinda pale ambapo kutenganisha kwenyewe kunashindikana: unaongeza sabstreti kwenye tangi kwa ratiba inayobadilika na ujazo unapanda, au pH inahama na kubadilisha Vmax njiani, au sabstreti ni mbili na kila moja ina njia nyingine inapotelea. Hapo hamna mjadala, tumia solva.

Nyongeza zikiingia, nani anabaki amesimama?

Hapa ndo uchaguzi unabadilika kweli. Tuseme sabstreti ikizidi inaizuia enzaimu yenyewe, kwa hiyo chini ya mstari wa spidi kunaongezeka S²/Ki, ambapo Ki ikiwa ndogo uzuiaji unakuwa mkali zaidi. Bado inatenganishika, unapata kipande cha tatu:

```
Km*ln(S0/S) + (S0 - S) + (S0^2 - S^2)/(2*Ki) = Vmax*t
```

W imekufa hapo, sababu S na S² na logi kwa pamoja haziingii kwenye umbo lake, na omega imeondoka nayo. Lakini "nisubiri muda gani" bado unajibu kwa kikokotoo, na Newton wa u bado anakwenda bila kubadilisha chochote zaidi ya kuongeza kipande kimoja. Kwa hiyo kama unajua mfumo wako utakuja kuongezewa vitu, jenga juu ya ule uhusiano uliofichika, yaani mlinganyo wa logi ukiwa haujafunguliwa, kuanzia mwanzo, usijifunge kwenye W kwa sababu tu inaonekana nadhifu.

Nyongeza nyingine ni enzaimu kufa taratibu wakati wa kazi. Tuseme inapungua kwa kasi kd = 0.02 kwa dakika. Upande wa kushoto haubadiliki hata herufi moja, wa kulia tu unakuwa Vmax × (1 - exp(-kd × t)) / kd. Asilimia 90 ambayo ilikuwa dakika 27.2 sasa ni 39.3. Asilimia 99.9 ilikuwa 47.6, sasa ni kama 152. Na ukitaka 99.99, S = 0.001, upande wa kushoto ni 28.4 wakati upande wa kulia hauwezi kuvuka Vmax/kd, ambayo ni 25, hata usubiri mwaka mzima. Haifiki. Hiyo unaiona kwa jicho kwenye uhusiano uliofichika, wakati solva ya hatua kwa hatua itakuchorea mkia mrefu mzuri na wewe utabaki unaongeza muda ukisubiri.

Utajuaje kama enzaimu yako inakufa au ni mkia wa kawaida? Kuna jaribio la Selwyn la 1965: endesha mmenyuko uleule kwa kiasi kimoja cha enzaimu na kwa nusu yake, alafu chora mazao dhidi ya kiasi cha enzaimu mara muda. Kama enzaimu ni nzima grafu mbili zinalaliana, kwa sababu E na t vinaingia kwenye mlinganyo vikiwa vimezidishwa pamoja tu. Zikiachana, yenye enzaimu kidogo ikibaki chini, inakufa njiani.

Kama unatafuta Km na Vmax kutoka kwenye data

Hapa naomba usitumie njia ya kwanza hata kama inavutia. Ni rahisi kuweka t kama matokeo na S kama unachokijua, alafu ukapunguza makosa ya t. Shida ni kwamba saa yako haikosei, kinachokosea ni kipimo cha S. Kosa la 0.05 mM ukiwa S = 5 linageuka kosa la muda la dakika 0.14. Kosa lilelile ukiwa S = 0.1 linageuka dakika 2.1, mara 15. Maana yake nukta za mkiani, ambazo kipimo chake ndo kibovu zaidi kwa uwiano, zinaburuta mstari mzima na Km inatoka imepinda. Tumia S inayotabiriwa na omega (au Newton wa u) na upunguze makosa ya S. Na S0 usiifunge kwa namba uliyokusudia kumimina, iache nayo itafutwe pamoja na zile mbili, kwa sababu kosa dogo la kumimina pale mwanzo linabebwa na kila nukta na Km ndo inayolipa.